Mahojiano ya dakika 17 na simu moja: nilivyopunguza ukimya na kuunganisha vipande

Kikundi chetu cha VICOBA kilitaka kipindi kifupi cha sauti cha kuwaeleza wanachama wapya jinsi mikopo inavyotolewa na kurejeshwa, na kazi hiyo ikaniangukia mimi. Nilikuwa na vipande vitatu mkononi: utangulizi wangu wa nusu dakika, mahojiano ya dakika 17 na mweka hazina, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mwenyekiti aliyekuwa safarini. Muziki wa kufungulia aliupiga kijana wa mwanachama mmoja kwa ngoma yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayekuja kutudai haki. Programu niliyotumia ni Lexis Audio Editor ya Android. Toleo lake la bure linahifadhi kwa WAV, na kwa kuhariri sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili faili zote kwenye folda nyingine na kufanyia kazi nakala. Simu ikishahifadhi juu ya faili la asili, huna pa kurudi.

Nianze na ukimya, maana hapo ndipo muda mwingi ulipoishia. Kwenye skrini ukimya huonekana kama mstari mwembamba kati ya mawimbi ya maneno, na mkono unawasha kuufuta wote. Lakini ule mstari si mtupu. Tulirekodi chumbani feni ikizunguka, na mvumo wake umo katika kila sekunde ya mahojiano. Ukitumia Insert Silence kuongeza nafasi, programu inaweka ukimya kamili usio na hata feni. Msikilizaji anasikia mvumo ukikatika na kurudi, kama vile simu imekata. Kwa bahati, kabla ya kuanza mahojiano nilimwomba mweka hazina tukae kimya kidogo huku simu ikirekodi. Zile sekunde ishirini hivi za feni tupu ndizo zilizokuwa kiraka changu: kila nilipohitaji pumziko, nilinakili kipande chake na kukibandika pale.

Kwenye kupunguza, kipimo changu kilikuwa hiki: pumziko la zaidi ya sekunde mbili nilipunguza hadi kama nusu sekunde kati ya sentensi, na karibu sekunde nzima pale mada inapobadilika. Nilifuta katikati ya pumziko, sikufuta kuanzia neno linapoishia. Pumzi anayovuta mtu kabla ya kusema niliiacha ibaki, kwa sababu ukiiondoa, sentensi inayofuata inaruka ghafla na msemaji anakuwa kama anakimbizwa.

Kiswahili chetu kina mtego wake hapa. Maneno kama "mbona", "ndiyo" na "nchi" yanaanza na sauti ya puani iliyo laini sana, na kwenye skrini ndogo inafanana na ukimya. Ukikata pale wimbi linapoanza kunenepa, "ndiyo" inabaki "diyo". Mwishoni mwa sentensi nako irabu ya mwisho hufifia, hasa kwa mtu mzima anayeongea kwa utulivu. Mweka hazina akisema "tukamsamehe", ile "e" ilikuwa uzi tu. Kwa hiyo nilivuta picha ya wimbi kwa vidole viwili hadi nione vizuri, nikaweka alama ya kukata mbali kidogo na neno, kisha nikasikiliza sekunde tatu kabla na tatu baada. Macho peke yake hayatoshi kwa kazi hii.

Pumziko moja sikuligusa. Nilimuuliza mweka hazina ilikuwaje mwaka ule marejesho yalipokwama. Akanyamaza kama sekunde nne, kisha akasema: "Tulikopeshana kwa huruma, mwanangu. Daftari tuliliweka pembeni." Ukifupisha zile sekunde nne, jibu linakuwa la haraka kama la mtu aliyelikariri.

Angalieni pia vitufe viwili vinavyochanganya. Delete inaondoa ulichochagua. Trim inabakiza ulichochagua na kutupa kila kitu kingine. Ukitaka kutoa kikohozi, ni Delete. Ukitaka kuchomoa jibu moja zuri kutoka rekodi ndefu, ni Trim.

Baada ya kukata, nilisawazisha sauti ya kila kipande peke yake kabla ya kuviunganisha. Normalization inapandisha rekodi nzima hadi kilele chake kirefu kuliko vyote kifike juu. Kwenye mahojiano kulikuwa na kikombe kilichowekwa mezani kwa kishindo, na kilele cha kile kishindo kilishagusa juu tayari, hivyo sauti ya mweka hazina haikupanda hata kidogo. Mwiba wa kishindo ulionekana wazi kwenye skrini, na ulikuwa ndani ya pumziko. Niliuchagua, nikaufuta, nikarudia Normalization, na mara hii maneno yakapanda.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi fupi. Nilifungua utangulizi, nikapeleka alama mwisho wake, nikaingiza faili la mahojiano ndani ya faili lililo wazi, halafu nikafanya vivyo hivyo kwa ujumbe wa mwenyekiti, ambao niliugeuza kwanza kuwa WAV kwa programu nyingine ya bure. Sauti ya ujumbe wa WhatsApp ni nyembamba kuliko ya rekodi ya kawaida, na hakuna kitufe kitakachorudisha kilichokwisha kubanwa. Nilichofanya ni kuongeza sentensi moja kwenye utangulizi: "Mwenyekiti wetu ametutumia ujumbe akiwa njiani." Msikilizaji akishajua hivyo, hashangai.

Pale vipande vinapokutana ndipo kufifisha kunapohitajika. Mwenyekiti alikuwa kando ya barabara, na kelele za magari zilianza kwa kishindo mara tu feni ya chumbani ilipoishia. Nikabandika sekunde moja ya kiraka cha feni mwishoni mwa mahojiano, nikaichagua hiyo tu na kuweka Fade Out. Kisha nikachagua nusu sekunde ya kelele za barabarani kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, nikaweka Fade In. Kelele zinatoka na kuingia taratibu, maneno hayaguswi. Fade In ikipita juu ya neno la kwanza, inalimeza. Sauti ya mtu inatosha kuwekewa mfifio mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde, wa kuondoa tu ule mlio wa "tik" unaotokea wimbi likikatwa katikati.

Ngoma niliipa nafasi zaidi: Fade In ya sekunde moja, Fade Out ya sekunde nne, na utangulizi ukaanza ngoma ilipokwisha. Programu inaweza kuchanganya faili mbili zisikike pamoja, ila ngoma chini ya maneno kwenye spika ya simu ya bei nafuu hufunika maneno. Niliacha. Na kumbukeni kuchagua zile sekunde nne tu kabla ya kubonyeza, maana kufifisha hufuata ulichochagua, hata kama ni faili zima.

Kipindi kilitoka na dakika 11. Kwa WAV ya mkondo mmoja ya 44.1 kHz, kila dakika ni kama MB 5.3, kwa hiyo faili lilikaribia MB 58, mzigo mkubwa kwa bando za wanachama wetu. Kwa programu ile nyingine nililigeuza kuwa MP3 ya 64 kbps likashuka hadi kama MB 5. Kabla ya kulituma nililisikiliza lote kwa hedifoni kutafuta milio ya "tik", kisha tena kwa spika ya simu, nikiwa jikoni maji yakichemka, kuona kama maneno yanasikika. Sauti ya mwenyekiti ilikuwa chini kidogo. Nikarudi kwenye kipande chake peke yake, nikakipandisha, nikaunganisha upya na kukituma.