Kumbukumbu ya mradi: kupima sini ya x dhidi ya x kipeo cha pili

Mradi wenyewe ni programu ndogo ya Python inayopokea fanksheni mbili, f na g, kisha inakadiria derivativu ya f kwa kufuata g. Wiki hii nimeshughulika na sin x kwa kufuata x². Swali ni hili: x² ikiongezeka kidogo, sin x inaongezeka mara ngapi ya ongezeko hilo? Herufi x hapa inabaki nyuma ya pazia. Inazisukuma zote mbili, lakini sisi tunalinganisha mabadiliko yao wao kwa wao.

Kwa karatasi, jibu linapatikana upesi. Kasi ya sin x ni cos x, kasi ya x² ni 2x, na kwa kanuni ya mnyororo tunagawa ya kwanza kwa ya pili: cos x / (2x). Pembe zote ziwe katika radiani. Programu inafanya jambo lile lile kwa namba:

```python
from math import sin

def uwiano(f, g, a, h):
    return (f(a+h) - f(a)) / (g(a+h) - g(a))

print(uwiano(sin, lambda x: x**2, 1, 0.001))
```

Inatoa takriban 0.2698, wakati fomula pale x = 1 inatoa 0.2702. Nikipunguza h, namba hizo zinazidi kukaribiana.

Baada ya hapo nilichora grafu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Mhimili wa mlalo niliupa x², wa wima sin x, nikaiacha x itembee kutoka hasi hadi chanya. Upande wa x chanya unatoka mstari unaopanda hadi 1 pale x² inapokaribia 2.47, halafu unashuka polepole na kugusa -1 pale x² inapofika kama 22.2. Mawimbi yanazidi kutanuka kadiri unavyokwenda kulia, kwa sababu ile 2x iliyo chini ya mstari wa kugawia inakua na kuulaza mteremko.

Upande wa x hasi unatoa mstari mwingine, ambao ni taswira ya ule wa kwanza chini ya mhimili. Kwa hiyo pale x² = 1 grafu ina nukta mbili: moja ya x = 1, yenye mteremko 0.2702, na nyingine ya x = -1, yenye mteremko -0.2702. Ukiniuliza derivativu "pale x² ni 1" sitaweza kukujibu mpaka unitajie x. Ndiyo maana nimeifanya programu ipokee thamani ya x, kamwe isipokee thamani ya g.

Sasa sifuri. Mistari hiyo miwili inakutana hapo na kuunda kitu kama parabola iliyolala ubavu, yenye mguso uliosimama wima. Nilijaribu x = 0 na h = 0.1, nikapata 9.98. Kwa h = 0.01 nikapata karibu 100. Ukiona h inapungua mara kumi na jibu linakua mara kumi, ujue hakuna kikomo cha kufikiwa. Derivativu haipo hapo.

Njia ya kupima pande zote mbili za nukta, ambayo kwa kawaida ni sahihi zaidi, hapa haifai hata kidogo: h² na (-h)² ni sawa, tofauti yao ni sifuri, na Python inasimama na `ZeroDivisionError`. Nimeibakiza njia ya upande mmoja kwa sababu hiyo.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kuweka cos x mahali pa sin x. Fomula inakuwa -sin x / (2x), na pale sifuri nayo inagoma, maana ni sifuri kugawanywa kwa sifuri. Lakini uwiano wa upande mmoja kwa h = 0.1 ni -0.4996, na h ikipungua unatulia kwenye -0.5. Kosini haibadiliki x ikigeuzwa ishara, hivyo mistari ya pande mbili inalaliana kabisa na kuwa mmoja, wenye mteremko unaoeleweka mpaka ukingoni. Kwa hiyo g kuwa na kasi ya sifuri kunatuondolea tu uhakika wa fomula. Kama derivativu ipo au haipo, hilo linategemea f inafanya nini pale pale.

Kwa sasa programu, ikikuta kasi ya g ni sifuri, inajaribu h tatu zinazopungua, upande wa kulia kisha wa kushoto. Zikitulia kwenye namba moja pande zote mbili, inaitoa namba hiyo. La sivyo inaandika "haipo". Sehemu inayofuata ni derivativu ya pili, ambayo inadai kugawa tena kwa 2x baada ya kutafuta kasi ya cos x / (2x).