Nilivyoisubiri Bitcoin irudi kutoka 73,800

Januari 2024 Bitcoin ilishuka hadi karibu dola 38,500, wiki mbili hivi baada ya mamlaka ya Marekani kuidhinisha mifuko inayoshikilia Bitcoin yenyewe kuuzwa kwenye masoko ya hisa. Kisha ikageuka. Machi 14 ilikuwa karibu 73,800. Bei ikipanda hivyo ndani ya wiki saba, hofu kubwa ni ya kuachwa, na wengi hununua juu kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nje ya soko, nikaamua kusubiri irudi, lakini kwa mpango ulioandikwa kabla.

Mpango ulianza na kifaa kinachoitwa `Fib Retracement` kwenye chati ya siku, ambayo kila mshumaa wake unaonyesha bei za siku moja. Unakivuta kutoka chini ya mpando hadi juu, nacho kinakugawia umbali huo kwa asilimia. Hesabu yenyewe haina siri. Kutoka 38,500 hadi 73,800 ni dola 35,300. Asilimia 38.2 ya hizo ni 13,485; ukizitoa kwenye kilele, ngazi ya kwanza inakuwa karibu 60,300. Nusu ilikuwa 56,150, na asilimia 61.8 ilikuwa kama 52,000. Ngazi ya asilimia 23.6 siitumii, kwa sababu baada ya mpando mkali bei hupita hapo kwa kuyumba kwa kawaida tu.

Kazi ngumu ni kuchagua pa kuanzia. Mtu mwingine angevuta kutoka Septemba 2023, bei ilipokuwa karibu 24,900, na asilimia 38.2 yake ingemwangukia 55,100. Wote wawili tungekuwa tumefuata kanuni. Nilichagua Januari kwa sababu huo ndio mguu mmoja ulionyooka: kutoka pale karibu hakuna mshuko uliovunja chini ya uliotangulia. Nilipima pia kwa ncha za tambi za mishumaa, yaani bei ya juu kabisa na ya chini kabisa, maana ukichanganya ncha upande mmoja na bei ya kufunga upande mwingine, ngazi zote zinahama.

Kilele nacho hakijulikani mpaka kipite. Machi 5 bei iligusa 69,000, rekodi ya mwaka 2021, ikaporomoka hadi kama 59,000 siku hiyohiyo, halafu ikapanda kuliko mwanzo. Aliyechora siku ile alilazimika kufuta. Ndiyo maana nilingoja mshumaa wa siku ufunge chini ya ncha ya chini ya mshumaa wa kilele. Kwetu Afrika Mashariki mshumaa huo hufunga saa tisa usiku, basi mimi huutazama asubuhi. Hakuna haja ya kukesha.

Siamini kwamba namba hizi zina nguvu zenyewe. Nusu, kwa mfano, haihesabiwi hata kuwa uwiano wa Fibonachi, mfululizo wa namba uliokipa kifaa hiki jina. Zinanisaidia pale zinapokutana na mahali ambapo watu walinunua na kuuza kweli. Nikarudi kutazama mpando wenyewe. Mwanzoni mwa Machi bei ilikuwa imetulia kati ya 61,000 na 63,000, juu kidogo ya ngazi ya kwanza. Kwenye eneo la 56,000 hadi 57,000 bei ilikuwa imetulia kwa muda mfupi mwishoni mwa Februari. Na ngazi ya tatu ilianguka katikati ya uwanja wa 50,500 hadi 53,000, ambapo bei ilikaa nusu ya pili ya Februari. Kama ngazi ingeangukia kwenye utupu, nisingeweka oda ya kununua hapo.

Oda sikuziweka juu ya mstari wenyewe. Wanunuzi wengi wanaoona mstari uleule huanza kununua kabla yake, na bei inaweza kugeuka bila kukufikia. Nikaweka 61,000, kisha 56,800, kisha 52,400. Kizuizi cha hasara, yaani bei ambayo ningeuza ili hasara isiendelee, kilikuwa kimoja kwa zote tatu, 49,900: chini ya sakafu ya Februari na chini ya ile 50,000 ambayo kila mtu anaitazama. Bei ikifika huko, hoja kwamba huu ni mrejeo ndani ya mpando inakuwa imekufa.

Kiasi cha kununua kilitoka kwenye hicho kizuizi. Nilikuwa na mtaji wa dola 2,000 na nilikubali kupoteza karibu asilimia 2. Kwa Bitcoin 0.002 kila oda, ya kwanza ingepoteza dola 22.2, ya pili 13.8, ya tatu 5. Jumla 41, kabla ya ada. Zikijaa zote ningekuwa nimetumia dola 340 hivi, bila mkopo wowote. Kwa mkopo mkubwa, umbali wa 11,000 hadi kwenye kizuizi usingevumilika. Soko lingekuuzia kwa lazima kabla ya ngazi ya pili.

Machi 20 bei ilifika karibu 60,800 na kugeuka. Kama oda yangu ingekuwa 60,300, isingejaa. Siku hiyo bei ilirudi juu ya 67,000. Ilipofika 71,000, wiki iliyofuata, niliuza nusu, faida ya dola 10, na nikasogeza kizuizi cha nusu iliyobaki hadi 61,000. Aprili 13 bei iliteremka tena chini ya hapo, nusu hiyo ikatoka bila faida wala hasara. Sikununua tena kwenye ngazi hiyo. Ikiguswa mara ya pili, wengi waliotaka kununua pale wameshanunua.

Oda ya pili niliiacha ibaki ilivyo, maana sababu zake hazikuwa zimebadilika. Mei 1 bei ilishuka hadi kama 56,500, ikaijaza. Safari hii niliuza yote 70,000, bei ilipopanda tena kuelekea kilele Mei 20, kwa sababu kilele kilikuwa kimeshaikataa bei zaidi ya mara moja. Faida dola 26. Ukijumlisha, ni 36 kwa hatari ya 41. Si ya kutangaza, ila pesa ilikuwa hatarini kidogokidogo, kwa sehemu.

Oda ya tatu niliifuta baada ya mauzo hayo. Michoro hii ina umri. Bei ikishakwenda na kurudi mara kadhaa kati ya kilele na ngazi, haiko tena kwenye mrejeo wa mpando ule. Imeingia kwenye uwanja wake mpya, na sakafu ya Februari inabaki kumbukumbu ya mbali. Julai 5 ilifika 53,500, chini ya nusu, bila kuheshimu mstari wowote niliokuwa nao. Agosti 5, hisa za Japani zilipoanguka na kila soko likauza, iligusa takriban 49,000. Oda ya 52,400 ingejaa na kizuizi cha 49,900 kingepigwa siku hiyohiyo, ingawa mshumaa wa siku ulifunga karibu 54,000. Anayetumia kizuizi cha bei ya kufunga badala ya bei ya papo kwa papo angebaki ndani, lakini angepaswa kupunguza kiasi anachonunua, kwa sababu hajui mshumaa utafunga wapi.