A15 peke yake haitoshi: nilivyopanga ramani ya kumbukumbu ya Z80

Nilipokuwa naunda kompyuta ndogo ya prosesa Z80, ushauri niliopewa hapa Mtwara ulikuwa mwepisi: "Kaka, tumia A15 tu, usihangaike na dikoda." Chini ya 8000H iwe ROM, juu iwe RAM. Nilikuwa na ROM ya 27C64 na RAM ya 6264, kila moja kilobaiti 8. A15 nikaipeleka pini ya 20 ya ROM na pini ya 26 ya RAM, ile inayochagua chipu ikiwa juu. MREQ nikaipa RAM peke yake, pini ya 20. Waya tatu, nikajiona mjanja.

Taa iliwaka na kuzima vizuri. Tatizo lilikuwa kusoma swichi kwenye poti 05H: mara namba sahihi, mara takataka, na ROM ikipata joto. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha hata kapasita, bure. Kilichonifumbua macho ni hiki:

```
LD A,80H
IN A,(05H)
```

Hapo swichi zilisomeka bila kukosea. Z80 ikitekeleza `IN A,(n)` huweka namba ya poti kwenye A0 hadi A7, na kilichomo kwenye A hukiweka kwenye A8 hadi A15. A ikiwa chini ya 80H, A15 iko chini, RD nayo iko chini, basi ROM inadhani inaitwa. Inamwaga data yake juu ya ile ya swichi, chipu mbili zinavutana. ROM bila MREQ haijui kama prosesa inasoma kumbukumbu au poti.

Kasoro ya pili ilijificha. 6264 ina laini za anwani 13 tu, A0 hadi A12, na mimi A13 na A14 sikuziunga popote. Kwa hiyo kilobaiti 8 zilezile zilionekana mara nne, kuanzia 8000H, A000H, C000H na E000H. Steki yangu ilianzia FFFFH kushuka, bafa ilikuwa 9F00H hadi 9FFFH. Kumbe ni mahali pamoja! Jipime hivi:

```
LD A,11H
LD (8000H),A
LD A,22H
LD (0A000H),A
LD A,(8000H)
```

Ukipata 22H, RAM yako ina vivuli.

Dawa ni dikoda moja ya 74HC138, bei ya soda mbili tatu, nauli ya basi kutoka Dar ndiyo inayouma. A13, A14, A15 ziende pini 1, 2, 3; MREQ pini 4; pini 5 ardhini. Pini 6 wengi huipa volti 5, mimi nimeipa RFSH, ili dikoda inyamaze Z80 inapofanya rifreshi. Y0, pini 15, inaita ROM kwenye 0000H, kwa kuwa Z80 ikiwashwa huanzia hapo. Y4, pini 11, inaita RAM, 8000H hadi 9FFFH. Sasa pini 26 ya RAM inakaa volti 5. OE zote kwa RD.

Steki nimeihamisha, `LD SP,9F00H`, ishuke chini ya bafa. Y1 hadi Y3 na Y5 hadi Y7 zinasubiri chipu nyingine.