Nilivyonunua Hisa Wakati Soko la Nairobi Likishuka, 2021 hadi 2024

Agosti 2021 hisa moja ya Safaricom iliuzwa karibu shilingi 45 katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa takriban 24, na kufikia robo ya mwisho ya 2023 ilikuwa imefika karibu 12. Nilikuwa nanunua hisa hiyo kidogo kidogo kutokana na mshahara wa ualimu, na kipindi chote hicho nililazimika kuamua, kila robo ya mwaka, kama niongeze, nisubiri, au niendelee kwa kiasi kilekile nilichozoea.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua ni kilichokuwa kikishuka: biashara yenyewe au bei tu. Sehemu kubwa ya ununuzi na uuzaji wa hisa za kampuni kubwa za Nairobi ilikuwa ikifanywa na mifuko ya uwekezaji ya kigeni, na riba za Marekani zilipoanza kupandishwa Machi 2022, mifuko hiyo ilikuwa na sababu ya kurudisha dola zake kwao. Shilingi nayo ilikuwa ikidhoofika, kutoka takriban 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya 160 Januari 2024, kwa hiyo mgeni aliyebaki alipata hasara mara mbili, ya bei na ya sarafu. Wauzaji wakawa wengi katika soko lenye wanunuzi wachache. Ndani ya kampuni hali ilikuwa tofauti. Mapato ya M-PESA yalikuwa takriban shilingi bilioni 107 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, yakafika bilioni 117 mwaka uliofuata, kisha karibu bilioni 140 mwaka ulioishia Machi 2024. Mzigo halisi ulikuwa Ethiopia, ambako huduma zilizinduliwa Oktoba 2022 na ambako gharama za kujenga mtandao zilikuwa zikila faida ya kundi zima. Mzigo huo ulikuwa na uzito wake, na gawio lilipungua kutoka shilingi 1.39 kwa hisa hadi 1.20. Hata hivyo, gawio lililopungua kwa chini ya asilimia 15 haliwezi peke yake kueleza bei iliyopoteza karibu robo tatu.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu kununua zaidi kila bei inaposhuka si hekima kwa kila hisa. Waliofanya hivyo kwa hisa za kampuni ya sukari ya Mumias wanajua. Kampuni ile ilikuwa imeacha kulipa gawio, madeni yalikuwa yakiongezeka na miwa ikipungua kiwandani. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu na biashara ya hisa zake ikasimamishwa sokoni. Bei yake ilionekana rahisi katika kila hatua ya kushuka. Kwa hiyo kila taarifa ya nusu mwaka ilipotoka nilikuwa naangalia mambo machache yaleyale: kama biashara ya Kenya bado inaingiza fedha taslimu, kama gawio linalipwa kutokana na faida na si kwa mkopo, na kama hasara ya Ethiopia inabaki katika kiwango ambacho Kenya inaweza kukibeba. Lolote kati ya hayo lingevunjika, ningeacha kununua hata bei ingekuwa shilingi tano.

Swali gumu zaidi lilitoka kwenye chama chetu cha akiba. Mwekahazina, mama mtu mzima aliyewahi kufanya kazi benki, aliniuliza mbele ya wenzangu: “Mwalimu, kama serikali inakulipa asilimia kumi na sita, hii hisa inayoshuka unaifuatia nini?” Lilikuwa swali la haki. Mwishoni mwa 2023 dhamana za serikali za siku 364 zilikuwa zikikaribia asilimia 16, na Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ilitolewa kwa riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Katika soko la namna hiyo, anayesubiri hakai bure na fedha mkononi, bali analipwa vizuri kwa kusubiri kwake.

Nilimjibu kwamba fedha zangu nazigawa kwa tarehe. Karo ya muhula ujao na akiba ya dharura hazikuwahi kuingia kwenye hisa. Fedha ambazo ningezihitaji ndani ya miaka mitatu zilikwenda kwenye dhamana za serikali, na hapo nilikubaliana naye kabisa. Zile ambazo nisingezigusa kwa miaka mitano au zaidi ziliendelea kununua hisa, kwa sababu riba ya asilimia 16 inafungwa kwa mwaka mmoja tu, na dhamana ikiiva unakuta riba mpya iliyopo siku hiyo. Hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 12 na kulipa gawio la 1.20 ilikuwa inarudisha asilimia 10 kwa mwaka kabla ya kodi ya asilimia 5, na bei hiyo ya kununulia haibadiliki tena.

Hesabu ya kununua kwa kiasi kilekile inafaa kuonekana kwa tarakimu. Chukua shilingi 12,000 kila mara. Kwa bei ya 40 unapata hisa 300. Kwa 30 unapata 400. Kwa 24 unapata 500. Kwa 15 unapata 800. Kwa 12 unapata 1,000. Umetumia shilingi 60,000 na una hisa 3,000, yaani wastani wa shilingi 20 kwa hisa, ilhali wastani wa bei zenyewe ni zaidi ya 24. Ada ya dalali na tozo za soko, ambazo kwa mnunuzi mdogo hukaribia asilimia mbili, zinapandisha gharama hiyo kwa senti 40 hivi. Angalia pia kwamba hisa 1,800 kati ya hizo 3,000 zilipatikana katika manunuzi mawili ya mwisho, wakati ambapo watu wengi walikuwa wameshachoka. Anayeacha katika bei ya 24 anabaki na hisa 1,200 zilizomgharimu shilingi 30 kila moja.

Kuhusu kuongeza juu ya kiasi cha kawaida, nilijiwekea kwamba hisa ya kampuni moja isizidi theluthi ya thamani ya hisa zangu zote. Kikomo hicho kina tabia nzuri: bei ya kampuni ikishuka kuliko nyingine, uzito wake unapungua na nafasi ya kununua inafunguka yenyewe, ikipanda, nafasi inajifunga. Mwishoni mwa 2023 nafasi ilikuwepo, na mambo niliyokuwa nikiyaangalia yalikuwa bado yanasimama, kwa hiyo niliongeza mara mbili ya kawaida. Nilifanya hivyo kwa kumwekea dalali bei ya juu kabisa ninayokubali, kwani siku ambazo wauzaji ni wachache agizo lisilo na bei linaweza kukununulia kwa bei usiyoitarajia.

Februari 2024 serikali ilinunua tena sehemu kubwa ya hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa iive Juni, shilingi ikaimarika, na soko likaanza kupanda. Kufikia katikati ya 2025 riba ya siku 364 ilikuwa chini ya asilimia 10, na hisa ya Safaricom ilikuwa imevuka shilingi 20. Dhamana zangu zilizoiva kipindi hicho sikuzihamishia kwenye hisa hiyo, kwa sababu ilikuwa imeshafika theluthi. Ziliingia kwenye hatifungani za miaka mingi, na ununuzi wa kila robo ukaelekezwa kwenye hisa za benki.