Kusogeza siku ya kuonja chakula cha harusi

Wazee wa upande wa bwana harusi wamehamisha kikao, kikaangukia Jumamosi ileile ya kuonja chakula. Nimempigia mama mpishi Alhamisi asubuhi, kabla hajaenda sokoni, maana nyama na kuku huanza kuviweka viungo Ijumaa. Ujumbe mtupu usingetosha. Nimeanza na linalomgusa zaidi: "Shikamoo mama. Tarehe ya harusi ipo palepale, na malipo ya awali yanabaki kwako." Kisha nikamwachia achague, Jumanne au Jumatano jioni, kwa kuwa wikendi ana shughuli za watu. Mchele alishanunua, huo haumharibikii. Samaki alishaagiza, kwa hiyo pesa yake nimemtumia leoleo bila kungoja aniombe. Amechagua Jumatano.