Kumbukumbu ya mradi: kutafuta kanga kwa maana badala ya herufi

Mradi wenyewe ni huu: shangazi yangu ana duka la kanga Ngamiani, hapa Tanga, na majina yote ya kanga zake yamo kichwani mwake. Mteja akisema anataka doti ya kumpa mamaake, yenye maneno ya shukrani, shangazi haulizi mara mbili, mkono unakwenda wenyewe kwenye rafu. Binti anayemsaidia bado hajafika huko. Nimetakiwa nimwekee kwenye simu kitu ambacho akiandika haja ya mteja, kinamletea picha za kanga zinazofaa.

Picha zipo, na majina yote nimeshayaandika kwenye jedwali. Kutafuta kwa herufi hakukufika mbali, na sababu iko wazi. Binti akiandika "shukrani kwa mama", kompyuta inatafuta herufi hizohizo, kwa hiyo "Nani kama mama" inaipata kwa sababu ya neno mama, lakini "Wema hauozi" inaipita kana kwamba haipo. Haina neno hata moja lililoandikwa na mteja. Ndipo nilipogeukia embedingi.

Embedingi ni orodha ya namba inayosimama badala ya maneno. Unaipa modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa maandishi mengi, sentensi yako, inakurudishia namba, na idadi ya namba hizo haibadiliki, iwe umeipa neno moja au aya nzima. Modeli ninayotumia, `multilingual-e5-small`, hutoa namba 384 kwa kila andiko. Kwanza huvunja sentensi vipande vidogo, kila kipande hupewa namba zake kwa kutazama vipande vilivyokizunguka, kisha namba za vipande vyote hupigiwa wastani ili ibaki orodha moja. Namba hizo ni kama namba za barabara zetu za Ngamiani: kusikia "barabara ya nane" hakukuambii chochote kuhusu nyumba iliyopo pale, ila unajua iko jirani na ya saba na iko mbali na ya ishirini.

Ujirani huo modeli inaupata kwenye mafunzo. Huonyeshwa, fungu baada ya fungu, jozi nyingi mno za maandishi yanayokwenda pamoja, kwa mfano swali na jibu lake, na namba zake hurekebishwa kidogo kidogo ili jozi isogeleane na maandishi mengine yaliyo kwenye fungu hilohilo yasukumwe mbali. Hakuna mtu aliyekaa akasema namba ya kwanza iwe ya upendo na ya pili ya hasira. Ukiitazama namba moja peke yake, haina maana inayosomeka.

Ila ili nimweleze binti, nilijipangia namba mbili tu zenye maana ya kubuni. Ya kwanza inasema maneno yanamlenga mtu kiasi gani. Ya pili inasema ni ya upole au ya ukali, na ukali ukiwa hasi. Tuseme "Nani kama mama" ni (3, 4). Ombi la mteja la kumshukuru mama ni (4, 3). Na ile "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ni (4, −3).

Kulinganisha ni kuzidisha namba za nafasi moja, kujumlisha, kisha kugawa kwa urefu wa kila orodha. Kwa bahati (sawa, nilizichagua makusudi) zote tatu zina urefu wa 5, maana 3 × 3 + 4 × 4 ni 25, na kipeuo chake ni 5. Ombi na "Nani kama mama": 4 × 3 + 3 × 4 = 24, gawa kwa 25, unapata 0.96. Ombi na kanga ya simba: 4 × 4 − 3 × 3 = 7, gawa kwa 25, unapata 0.28. Ukiichora kila orodha kama mshale unaotoka sifuri, hesabu hiyo ndiyo kosaini ya pembe iliyo kati ya mishale miwili. Ikikaribia 1, mishale inaelekea upande mmoja. Kompyuta hailinganishi kitu kingine zaidi ya hicho, isipokuwa inafanya kwa namba 384 badala ya mbili.

Kwenye laptopu mambo yote yanakaa hapa, `kanga` ikiwa orodha ya majina kutoka kwenye jedwali na `ombi` maneno ya mteja:

```python
from sentence_transformers import SentenceTransformer
m = SentenceTransformer("intfloat/multilingual-e5-small")
k = m.encode(["passage: " + x for x in kanga],
             normalize_embeddings=True)
o = m.encode("query: " + ombi, normalize_embeddings=True)
alama = k @ o
```

Maneno `query: ` na `passage: ` si mapambo. Modeli hii ilifundishwa nayo, moja kwa anayetafuta na jingine kwa kinachotafutwa, na ukiyaacha matokeo yanashuka. Ile `normalize_embeddings` hufanya kila orodha iwe na urefu wa 1, ndiyo maana mstari wa mwisho hauhitaji kugawa. Uzito nao ni mdogo: namba 384 za baiti nne nne ni baiti 1,536 kwa kanga, kwa hiyo kanga elfu moja ni kama megabaiti moja na nusu. Picha moja ya simu inazidi hapo.

Anayetumia modeli hii kwa mara ya kwanza alama zake zitamshangaza. Karibu kila kitu kinapata zaidi ya 0.7, hata vitu visivyo na uhusiano. Hilo limetokana na namna modeli ilivyofundishwa: kwenye mafunzo tofauti ndogo za kosaini zilikuzwa sana kabla ya kupimwa, kwa hiyo modeli haikulazimika kuyatawanya maandishi kwenye duara zima, ikayabana pembe moja. Hivyo kanuni ya "chukua zilizozidi 0.5" itakuletea duka zima. Kinachofaa ni mpangilio, nani wa kwanza na nani wa pili. Na ili nijue kama wa kwanza anastahili, naandika ombi la kipuuzi kama "bei ya mfuko wa saruji" na kuona alama ya juu kabisa inayopata. Hiyo ndiyo sakafu yangu. Ombi la kweli ambalo mshindi wake anaelea karibu na sakafu hiyo maana yake ni kwamba dukani hakuna kanga ya haja ile, au modeli haijaielewa.

Mara nyingi ilikuwa haijaielewa, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Jina la kanga halisemi linachosema. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu" kwa modeli ni habari za magari, kwa hiyo inajitokeza mtu akiandika "zawadi ya msafiri". "Usisafirie nyota ya mwenzio" nayo hujipenyeza hapohapo kwa ajili ya safari. Ya simba hujivuta kwenda kwa wanyama. Modeli imesoma Kiswahili kidogo ukilinganisha na lugha kubwa, na jina la kanga ni maneno manne matano tu, hayana sentensi ya kabla wala ya baada ya kuisaidia kujua kwamba hapa mtu anasemwa.

Basi nikakaa na shangazi, jina baada ya jina, yeye anaeleza mie naandika. Kwa ile ya abiria alisema: "Hii mtu huvaa akiona watu wamejisahau. Mali yako, cheo chako, sote mwendo ni mmoja na hatuushiki sisi." Maelezo hayo ndiyo niliyoyapeleka kwenye modeli, yakiwa yametanguliwa na jina lenyewe. Kanga ile ikahama kutoka kwa wasafiri ikaenda kukaa na za nasaha kuhusu majivuno, mahali pake. "Wema hauozi" nayo ikapata maelezo yenye neno fadhila na neno shukrani, na sasa inafika kwenye ombi la mama. Embedingi haijawa na akili zaidi ya jana, ila imepewa maana iliyokwisha fumbuliwa na mtu.

Likabaki jambo moja ambalo maelezo pekee hayaliponyi. Chukua "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Ya kwanza inamkanya mwenye pupa, ya pili inamkanya anayezubaa. Kwa embedingi ni majirani wa ukuta mmoja, kwa kuwa zote mbili zinazungumzia wakati na subira, na kwenye maandishi ya watu maneno ya kinyume huishi pamoja: penye kusifu mkwe ndipo penye kumsema mkwe. Alama kubwa inakuambia haya yanahusu jambo moja. Haikuambii kama yanakubaliana.

Kwa duka la kanga hilo si dogo. Mteja anayetafuta kanga ya kumsifu mama mkwe akiletewa ya kijembe kuhusu mama mkwe, na akainunua bila kusoma vizuri, atatugombanisha na nyumba nzima. Shangazi alipoona matokeo ya namna hiyo alicheka mpaka akaketi, kisha akasema, "Hiyo mwanangu usimwonyeshe mtu."

Nimeongeza safu kwenye jedwali iitwayo nia, na kila kanga imepewa moja na shangazi mwenyewe: shukrani, mapenzi, dua, nasaha, majigambo, kijembe. Binti anachagua nia kwanza kwa kidole, programu inaziweka pembeni kanga nyingine zote, na embedingi inapanga zilizobaki. Zipo kanga ambazo nia yake inategemea nani anampa nani. "Mdhaniaye ndiye siye" nimeiwekea nia mbili, naye shangazi anasema ingefaa tatu.

Kwa sasa programu inaleta kanga tano za juu, na mara nyingi ile ambayo shangazi angeichukua imo, japo si lazima iwe ya kwanza. Tatizo jipya ni uandishi wa simu. Binti anaandika "kumxukuru mamangu", na "kumxukuru" inavunjika vipande ambavyo modeli haijawahi kuviona vikikaa pamoja, alama zote zinaporomoka kuelekea sakafu. Nimeanza kuhifadhi kila ombi linaloandikwa dukani pamoja na kanga iliyonunuliwa mwishoni. Kazi inayofuata ni kuandika kanuni chache za kurudisha x kuwa sh na vifupisho vingine kabla ombi halijafika kwenye modeli, kisha nipime upya kwa maombi hayohayo.