Nilivyoondoa "pale inapowezekana" kwenye sharti la kufukia mtaro wa bomba

Bomba la maji likikatiza barabara ya changarawe na mtaro ukafukiwa ovyo, mvua za kwanza tu barabara inatitia. Ndiyo maana nilipopewa kuandaa masharti ya kiufundi ya zabuni ya bomba, nilianzia kwenye kifungu cha kufukia. Nilikirithi kutoka mradi uliotangulia, na kwa Kiswahili kilisema hivi:

"Udongo urudishwe kwa tabaka zinazofaa za takriban milimita 150, na ushindiliwe vya kutosha kufikia, pale inapowezekana, angalau asilimia 95 ya msongamano mkavu wa juu kwa kipimo kinachofaa, au kama mhandisi atakavyoelekeza ikihitajika."

Ukikipitia harakaharaka unaona kimebana kila kona. Mkandarasi lakini anakisoma huku anapanga bei. "Angalau" inamkaza, "pale inapowezekana" inamlegeza papo hapo. Na ile "ikihitajika" ya mwisho, inahusu maelekezo ya mhandisi au kazi yote ya kushindilia? Kila upande una hoja, na mgogoro ukifika kwa msuluhishi, utata mara nyingi humwelemea aliyeandika.

Sikufuta tu maneno hayo. Kila moja nililiuliza linaficha nini: namba, hali fulani ya eneo la kazi, au woga wa mwandishi. "Zinazofaa", "vya kutosha" na "takriban" zilikuwa woga mtupu, kwa sababu namba ilikuwepo tayari. Zikaondoka. Ila milimita 150 nayo ilikuwa na mlango wa pili: ni kabla ya kushindilia au baada? Udongo uliomwagwa tu hupungua kimo ukishindiliwa, kwa hiyo niliandika "baada ya kushindiliwa".

Kilichonikalisha zaidi ni "kipimo kinachofaa". BS 1377, kiwango cha Uingereza cha kupima udongo, kina kipimo chepesi, cha nyundo ya kilo 2.5 inayoangushwa kutoka milimita 300, na kizito, cha nyundo ya kilo 4.5 kutoka milimita 450. Udongo uleule hutoa majibu tofauti. Tuseme chepesi kinatoa msongamano mkavu wa juu wa kilo 1,850 kwa mita moja ya ujazo na kizito kinatoa 2,000. Mtaroni umepima ukapata 1,800. Kwa kipimo chepesi hiyo ni asilimia 97, mkandarasi amefaulu. Kwa kizito ni asilimia 90, anafukua upya. Hapo hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo nikakitaja kipimo kizito kwa jina.

"Pale inapowezekana" ilikuwa na sababu ya kweli, na ningeifuta bila kuuliza ningeharibu kazi. Mashine nzito ikishindilia karibu mno na bomba la plastiki, bomba linaweza kubonyea au kupasuka. Basi haikuwa ruhusa ya jumla, ilikuwa sehemu moja ya mtaro yenye sharti lake. Nikaitenga:

"Kutoka kitako cha mtaro hadi milimita 300 juu ya mgongo wa bomba, mkandarasi atashindilia kwa vyombo vya mkono pekee. Kutoka hapo kwenda juu, atashindilia kwa mashine, katika tabaka zisizozidi milimita 150 baada ya kushindiliwa. Penye barabara, kila tabaka la mashine lifikie asilimia 95 au zaidi ya msongamano mkavu wa juu wa kipimo kizito cha BS 1377. Tabaka lipimwe kwa njia ya mchanga kabla ya tabaka linalofuata kuwekwa."

"Mgongo wa bomba" umetokana na msimamizi wa mafundi niliyempa rasimu bila kumweleza chochote. Awali niliandika "juu ya bomba", naye akaniuliza, "Injinia, hizo mia tatu nianze kupima wapi, chini ya bomba au juu yake?" Mkadiriaji majenzi nilimpa rasimu hiyohiyo nikamwomba aipangie bei. Akishindwa kupanga bei bila kunipigia simu, sentensi bado ina mlango wazi.

Mamlaka ya mhandisi sikuyafuta. Yalihamia kifungu chake: mtaro ukifika kwenye mwamba au udongo usiofaa kurudishwa, mhandisi atatoa maelekezo kwa maandishi, na malipo yatafuata bei iliyo kwenye jedwali la kazi. "Udongo usiofaa" ungeturudisha kulekule, kwa hiyo nikautaja: wenye mizizi au taka, au wenye jiwe linalozidi milimita 75.

Kifungu kilikuwa kirefu kuliko cha zamani, na mwenzangu mmoja alilalamika. Zabuni ilipotangazwa, swali lililokuja juu ya kifungu hicho lilihusu udongo wa kuletwa: je, bei yake inajumuisha usafiri? Jedwali lilikuwa kimya. Tukajibu kwa nyongeza ya nyaraka iliyotumwa kwa wazabuni wote: ndiyo, inajumuisha, kutoka machimbo yoyote.